Siku moja maishani mwangu: afisa ununuzi wa shule ya bweni na maombi ya kukataa

Saa 2:00 asubuhi. Simu ya kwanza ni ya mama anayeuza maharage. Anaomba kuleta magunia 20. Muhula huu maharage yana mkataba na mtu mwingine. Wengi hapa hujibu "tutawasiliana", na jibu hilo ndilo linaloumiza: muuzaji anaweza kukopa, akanunua mzigo, akakaa anasubiri simu isiyopigwa. Baada ya salamu namwambia: "Mama, muhula huu sitachukua maharage kwako, kwa sababu mkataba uliopo unaisha Novemba. Wiki ya kwanza ya Desemba tunapokea bei mpya. Lete bei yako kwa kilo, pamoja na sampuli ya kilo moja." Salamu ziwe za kutosha, zisiwe ndefu kupita kiasi. Ukishamuuliza habari za watoto, za shamba na za safari, halafu ndipo ukamkatalia, ataona ulikuwa unamzungusha.

Saa 4:00. Hapa ndipo penye kazi. Lori limeleta mahindi magunia 100 ya kilo 100. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, nasi tumekiandika kwenye mkataba. Natoa punje kwa bambo kutoka magunia ya juu, ya kati na ya chini, maana aliyepakia anajua kuweka makavu juu. Kipimo anakishika muuzaji mwenyewe, asome kwa macho yake. Wastani unatoka asilimia 15.2.

Anaomba nipunguze bei kidogo nishushe mzigo. Ombi hilo lina mantiki yake, na linastahili kujibiwa kwa hesabu. Kilo 10,000 zenye unyevu wa 15.2 zikikaushwa hadi 13.5 hubaki kama kilo 9,800, kwa hiyo tungekuwa tunalipia karibu kilo 200 za maji. Hizo zingeweza kukatwa kwenye bei. Ukungu haukatwi. Mahindi mabichi yakirundikwa stoo hupata joto, huota ukungu, na humo ndimo sumukuvu inamozaliwa. Kupika ugali hakuiondoi.

Basi namwambia: "Kaka, mzigo huu leo sitaupokea, hata kwa bei ya chini. Kipimo kimesoma 15.2, mkataba unasema 13.5, na wanaokula ni watoto. Yaanike kwenye turubai, uyarudishe Alhamisi kabla ya saa 4, yakifika 13.5 nayachukua yote kwa bei ileile. Yasipofika, Ijumaa nanunua kwingine." Neno la kukataa linatangulia, sababu ni moja na inapimika, na siku ya mwisho inajulikana. Ukirundika sababu tano (unyevu, foleni, stoo imejaa, bosi hayupo, bajeti), atajibu iliyo dhaifu kuliko zote na mjadala utaanza upya.

Akiomba kuyaacha stoo "kwa muda tu", hilo nalo nalikataa: mzigo ukilala kwako bila maandishi, kesho unaitwa wako. Kwenye hati ya mzigo tunaandika "haujapokelewa", namba za kipimo na saa, kisha tunasaini wote wawili. Maneno haya nayasema pembeni, mbali na vibarua wake. Kukataliwa mbele ya watu kunamfanya atetee heshima yake badala ya kuzungumzia mahindi.

Saa 7:45 mchana. Mhasibu anaomba nisaini hati ya kupokea magodoro 40 ambayo bado yako njiani, ili malipo yatoke kabla meneja hajasafiri. Kujificha nyuma ya "utaratibu hauruhusu" kunamfanya mwenzako ajione mjinga. Ni heri kumweleza sahihi hiyo inabeba nini: "Dada, sitasaini leo, kwa sababu sahihi yangu inasema nimeyahesabu. Ila naona haraka yako. Andaa vocha na ankara sasa, twende pamoja kwa meneja atuambie nani ataidhinisha akiwa safarini. Yakifika kesho, nakuletea hati ndani ya saa moja." Shida yake halisi ni safari ya meneja, na hiyo inatatulika.

Saa 9:30 alasiri. Muuzaji wa mafuta ya kula ametuma kijana na dumu la lita 5, "la nyumbani". Linarudi na kijana huyohuyo, muda uleule, na ujumbe mfupi: "Asante kwa kunikumbuka. Zawadi za wauzaji sipokei, kwa yeyote. Oda yako ya Jumatatu iko palepale." Sentensi ya mwisho ni ya lazima, bila hiyo atadhani amekosea na biashara imekufa.

Saa 10:30 jioni. Kila aliyekataliwa kwa mdomo anaandikiwa ujumbe wenye mambo matatu: alichoomba, jibu, na tarehe ya kuomba tena kama ipo. Nakala ya ule wa mahindi inakwenda kwa mpishi mkuu na mtunza stoo, ili lori likirudi Alhamisi nami sipo, asitokee wa kulipokea bila kipimo.