Kipenga, Mizunguko Miwili na Watoto Arobaini

Nafundisha gredi ya tano katika shule moja ya umma mashariki mwa Nairobi, na kipindi cha michezo ninachopewa ni cha dakika 35. Nikiondoa muda wa kutoka darasani hadi uwanjani, kupasha misuli moto, kupoa na kunawa mikono, vituo vya mazoezi vinabaki na robo saa na ushei. Hiyo robo saa ndiyo niliyokuwa nikiipoteza yote kwa ajili ya ushauri niliopewa kwenye semina.

Mkufunzi alitufundisha kwamba darasa la watoto arobaini hugawanywa katika vituo vitano vya watoto wanane, kila kituo na zoezi lake, na kwamba kipenga kikilia mara moja watoto waache wanachofanya na kuhamia kituo kinachofuata. Kwenye karatasi mpango huo ulikuwa umenyooka kama rula. Uwanjani, kipenga kilipolia, mipira ilikuwa bado hewani, kamba zilikuwa bado zinazungushwa, na watoto arobaini waliondoka mbio kwa wakati mmoja. Kamba moja ikamnasa mvulana miguuni, mpira ukabingirika hadi katikati ya mechi ya wakubwa, na wawili wakaufuata wakasahau kurudi. Nilipohesabu, kituo cha kuruka kamba kilikuwa na watoto zaidi ya ishirini na kile cha kukimbia kati ya chupa hakikuwa na mtu. Walipoulizwa, kila mmoja aliapa kwamba kundi lake ndilo lililofaa kuwa kwenye kamba. Kila mara tulipohama, utulivu ulichukua muda karibu sawa na zoezi lenyewe. Na hata palipotulia, watoto wanane walipanga foleni wakisubiri mpira mmoja. Mmoja akirusha, saba wanachokozana.

Tiba ya foleni ilikuwa kupunguza mazoezi badala ya kuongeza vituo vipya. Sasa nina mazoezi manne tu, lakini nayapanga mara mbili, yaani miraba miwili iliyokaa ubavu kwa ubavu, kila mmoja na pembe zake nne, na watoto watano kwenye kila pembe. Nne mara tano ni ishirini, na ishirini mara mbili ni arobaini. Ninaeleza mazoezi manne badala ya manane, na kila kundi linahama mara tatu tu hadi limalize yote. Watoto wa mraba mmoja hawana safari yoyote ya kwenda mraba wa pili, kwa hiyo hawapishani njiani. Kila kituo kinapata dakika tatu na nusu hivi, jambo ambalo kwa vituo vinane tofauti lisingewezekana hata kidogo.

Mpangilio wa mazoezi nao una sababu zake. Kuruka kamba kunafuatwa na kurusha na kudaka mpira, kisha kukimbia zigizaga kati ya chupa, kisha kutembea juu ya tairi zilizofukiwa nusu, ili zoezi la kuhema lifuatwe na lile linalompa mtoto nafasi ya kuvuta pumzi. Mtoto mwenye pumu huanzia kwenye mipira au kwenye tairi. Tairi naziweka upande wangu kwa sababu ndiko mtoto anakoweza kuanguka, na mipira upande wa ua ili inayoponyoka izuiwe. Mimi husimama nje ya miraba yote miwili, mgongo ukielekea ukuta. Mwalimu anayesimama katikati, kama tulivyoshauriwa, huwa amewapa kisogo nusu ya watoto wake muda wote.

Kuhusu kipenga, nilitenganisha kusimama na kuhama. Mlio wa kwanza, mfupi ukifuatwa na mrefu, maana yake ni kusimama, na mwanafunzi hujibu kwa kupiga makofi mawili. Watu hudhani makofi hayo ni ya kuchangamsha darasa. Sivyo. Mtoto hawezi kupiga makofi akiwa ameshika kamba au mpira, kwa hiyo makofi yakisikika najua mikono ni mitupu na vifaa viko chini, bila mimi kusema neno. Makofi yakiwa hafifu upande mmoja, natazama upande huo na mara nyingi namkuta bingwa wetu wa kamba akijaribu kuiba miruko miwili ya mwisho. Sipulizi tena, nangoja. Wenzake ndio humwambia, “Weka chini, tunachelewa!”

Baada ya makofi kuna ukimya kidogo, kisha milio miwili mifupi, nao wanahama wakitembea huku darasa zima likihesabu kwa sauti hadi kumi. Wakifika kumi, kila kundi liwe limechuchumaa kwenye kituo kipya. Njia wanaifuata kwa mshale niliouchora ardhini kwa majivu ya jikoni ya shule. Kiongozi wa kundi hatangulii. Hubaki nyuma, hukagua kwamba vifaa vimerudi ndani ya duara la majivu, ndipo anawafuata wenzake. Alipokuwa akitangulia, kundi lililofuata lilikuta kamba imefungwa mafundo. Kipindi cha kwanza kabisa tulihama tu, bila mpira wala kamba, na mwalimu mwenzangu aliyekuwa akipita aliniuliza kama ni gwaride la Jamhuri.

Mlio huo wa mfupi na mrefu ulitokana na jirani zetu. Wakubwa wanapocheza kandanda upande wa pili, kipenga chao kikilia watoto wangu walikuwa wakiganda kila faulo. Tangu tuwe na mlio wetu hawababaiki. Mlio mrefu unaorudiwarudiwa nimeuweka akiba kwa ajili ya hatari tu: kila mtu anakaa chini alipo. Nina msichana asiyesikia vizuri, na kwa ajili yake huinua mkono kila nipulizapo. Na sipulizi kipenga kumkemea mtoto mmoja, kwa sababu arobaini wakisikia mlio usiowahusu mara kadhaa, ule unaowahusu nao watauzoea. Huyo mmoja namwendea nikazungumza naye.

Gharama si ya kutisha. Chupa tulipewa bure na hoteli ya jirani, tukazijaza mchanga. Kamba ya katani nilinunua Gikomba nikaikata vipande, na jumla yake na kipenga haikufika elfu moja, nadhani. Kipenga nilichagua kisicho na gololi ndani, kwa kuwa chenye gololi hukwama kikiingia vumbi na mate. Mipira tunashona kwa matambara na soksi kuukuu, maana mipira ya majuala imeadimika tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2017.

Mvua za Aprili hunishinda: majivu yanasombwa, tairi zinateleza, nasi tunabaki barazani na mipira na kamba tu, mraba mmoja kwa zamu. Mwenzangu mwenye watoto karibu sitini aliponiuliza kama aongeze kila kundi hadi wanane, nilimwambia, “Mwalimu, usiguse watano. Ongeza mraba wa tatu, na umwombe mtu asimame upande wa pili, kwa sababu miraba mitatu huioni yote ukiwa peke yako.”