Salfeti yangu ilikuwa ikipungua, nikarekebisha ikazidi, kumbe ni asidi

Jamani, hapa Lindi napima salfeti kwenye chumvi ya mashamba ya pwani, ila kwanza nikajipima na sodiamu salfeti safi, gramu 0.3000, hesabu inataka mashapo ya bariamu salfeti, BaSO4, gramu 0.4929. Nikapata 0.4705. Nilipoinua bika dirishani nikaona maji yaliyochujwa yana ukungu kama tui jepesi, yani mashapo yamepita kwenye karatasi. Kosa langu ni kumwaga bariamu kloraidi yote kwa mkupuo tena ya baridi, chembe zikazaliwa nyingi na ndogo mno.

Nikarudia: maji mililita 250, nikachemsha karibu yatokote, bariamu ya moto tone kwa tone huku nakoroga, halafu nikayalaza mashapo saa zima kwenye maji ya moto ili chembe ndogo ziyeyuke na kubwa zikue. Maji yakatoka maangavu kabisa, ila uzito ukawa 0.5034!

Hapo ndo nikagutuka. Natia asidi ya naitriki kwa mazoea tu, na naitreti hunaswa ndani ya fuwele kama bariamu naitreti, ukichoma inabaki bariamu oksaidi inayoongeza uzito. Iko ndani, kwa hiyo kuosha hakuitoi, na kulaza kunapunguza kidogo tu. Nikaanza upya, badala yake nikaweka haidrokloriki mililita 1, nikaosha kwa maji ya moto mpaka silva naitreti isilete ukungu kwenye maji ya kuoshea, nikachoma karatasi taratibu kisha digrii 800.

0.4921.