Mahindi Yalivuka, Chokaa Ikabaki: Siku Tisa Meksiko

Nilifika Jiji la Meksiko mwezi wa Novemba nikiwa na siku tisa za likizo na swali moja nililotoka nalo nyumbani Mbozi, ambako mtu aliyeshiba wali bado atakwambia kwamba hajala mpaka apate ugali. Nilitaka kujua kwa nini mahindi, yaliyowalisha watu wa huko kwa maelfu ya miaka bila kuwadhuru, yaliwaletea ugonjwa watu wa ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki walipoyapokea.

Nilianzia Tlatelolco, kwenye magofu ya mahekalu yanayozungukwa sasa na majengo ya ghorofa. Katika karne ya 16 wazee wa hapa walimsimulia mtawa Bernardino de Sahagún, kwa lugha yao ya Kinahuatl, jinsi ndui ilivyoingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki uliokuwa mahali pa Jiji la Meksiko la leo. Ugonjwa huo ulishuka pwani mwaka 1520 pamoja na msafara wa Mhispania Pánfilo de Narváez uliotoka Kuba. Waandishi wa Kihispania walimtupia lawama mtumwa mmoja Mwafrika aliyekuwa mgonjwa msafarani, na maneno hayo yamenakiliwa kizazi baada ya kizazi. Yananikera, kwa sababu mtu huyo, hata kama kweli alikuwapo, hakupanda merikebu kwa hiari yake, na ndui yenyewe ilikuwa imeanza kuua watu katika kisiwa cha Hispaniola kabla ya hapo, mwishoni mwa 1518.

Jijini ugonjwa ulikaa siku 60. Huko Ulaya ndui ilikuwa zaidi ugonjwa wa watoto, maana watu wazima wengi walikuwa wameshaugua na kupona, hivyo nyumba haikukosa mtu wa kumpa mgonjwa maji. Tenochtitlan hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuugua, kwa hiyo mama, baba, watoto na jirani walilala chini siku zile zile. Mfalme Cuitláhuac, aliyekuwa ametawala kwa siku 80 hivi, naye alikufa. Mtawa mwingine, Motolinía, aliandika kwamba wengi walikufa kwa njaa, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwahudumia wala wa kuwapa mkate. Maneno hayo nilikuwa nimeyasoma nyumbani bila kuyaelewa vizuri. Niliyaelewa siku tatu baadaye, ndani ya jiko la mama mmoja huko Oaxaca.

Nilipanga chumba nyumbani kwake, kijiji kidogo nje ya jiji la Oaxaca, na binti yake aliyesomea Kiingereza alinitafsiria. Jioni mama alipima kilo mbili za mahindi meupe, akayatia katika sufuria yenye maji, kisha akachota chokaa vijiko viwili vikubwa, ambavyo nilikadiria kuwa gramu ishirini hivi, akaikoroga. Maji yalibadilika rangi yakawa ya manjano, na jikoni kukawa na harufu inayofanana na ya ukuta uliopakwa upya. Kila baada ya muda alitoa punje moja akaisugua kwa kidole gumba. Ganda lilipoanza kuteleza na kutoka kama ngozi ya maharage yaliyolowekwa, aliepua sufuria papo hapo na kuyaacha mahindi yalale ndani ya maji yale mpaka asubuhi. Alinieleza kwamba yakichemka kupita kiasi unga unakuwa kama gundi na kung'ang'ania mikono, na chokaa ikipungua donge halishikani, linapasuka pembeni unapolitandaza kuwa tortilla, chapati nyembamba ya mahindi.

Alfajiri aliyaosha, akayasaga yakiwa bado yamelowa juu ya jiwe linaloitwa metate, akipiga magoti na kusukuma kwa mikono miwili. Siku nyingine hupeleka kwenye mashine, lakini siku hiyo alitaka nione. Nilijaribu nikachoka kabla ya kumaliza bakuli moja. Donge lile halikai. Likilala siku moja kwenye joto linachacha, kwa hiyo kazi hii hurudiwa kila siku. Hapo ndipo maneno ya mtawa yaliponiingia. Mwaka 1520 ghala lingeweza kuwa limejaa mahindi, na bado mgonjwa akafa kwa njaa kwa sababu wanawake wote wa nyumba walikuwa wamelala na hakuna aliyeweza kupiga magoti mbele ya jiwe.

Chokaa ile ndiyo iliyokuwa jibu la swali langu. Mahindi yana vitamini inayoitwa niasini, lakini sehemu yake kubwa imefungwa ndani ya punje kiasi kwamba utumbo wetu hauwezi kuitoa. Chokaa huifungua. Kolumbo alirudi Uhispania kutoka Amerika mwaka 1493, na mahindi yakaenea upesi kusini mwa Ulaya kwa kuwa yalizaa kuliko nafaka za huko, ila utaratibu wa chokaa haukuvuka. Wazungu walikuwa na vinu vya kusaga nafaka kavu, hivyo hawakuona haja ya kulainisha ganda. Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal wa Asturias aliwaona wakulima maskini waliokula mahindi karibu peke yake wakipata magamba mekundu mikononi na shingoni, mahali panapopigwa na jua. Baadaye Waitalia waliuita ugonjwa huo pelagra, yaani ngozi kavu yenye kukwaruza. Baada ya ngozi hufuata kuharisha, kisha akili kuvurugika, kisha kifo. Watu walidhani ni maambukizi au ni mahindi yaliyooza, na tiba yenyewe, niasini, ilithibitishwa mwaka 1937 tu.

Siku ya saba nilikwenda Teposcolula, zaidi ya saa mbili kwa gari kupitia milima ya Mixteca iliyomomonyoka. Mji wa kale ulikuwa juu ya mlima, nao ulihamishiwa bondeni mwaka 1552, baada ya mlipuko wa ugonjwa wa 1545 ambao wenyeji waliuita cocoliztli. Watafiti walichimba makaburi ya wakati ule huko juu, na mwaka 2018 walitangaza kwamba ndani ya meno ya baadhi ya marehemu wamepata bakteria wa homa ya matumbo wa aina ya Paratifi C. Wenyewe walikiri kwamba njia yao isingeweza kuona kila aina ya kirusi, kwa hiyo huenda kulikuwa na ugonjwa mwingine pia. Bakteria huyo huyo amepatikana katika mifupa ya mtu aliyezikwa Norwe miaka 800 iliyopita, jambo linaloonyesha kwamba Ulaya alikuwako kabla ya safari za Kolumbo. Nilisimama muda mrefu katika kanisa la wazi la Wadominiko, lililojengwa kwa ajili ya umati mkubwa, nikitazama uwanja mtupu mbele yake.

Usiku wa mwisho mama aliniuliza sisi tunayapikaje mahindi. Nilimweleza juu ya sembe inayokobolewa na dona isiyokobolewa. Akauliza tunakula na nini, nikamtajia maharage, dagaa na karanga, naye akaridhika. Vyakula hivyo ndivyo vinavyotukinga, maana protini zake huuwezesha mwili kujitengenezea niasini. Nikamsimulia pia habari za wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi mwaka 1989 na 1990: karanga zilipokosekana katika mgao wao, wakabaki na mahindi, na zaidi ya watu 18,000 wakaugua pelagra.

Alinyamaza, akauliza kama kule kwetu hakuna chokaa.

Nikamjibu kwamba ipo tele, tunapaka kuta.