Nimetoka intavyuu ya utimu lida

Jamani nimetoka intavyuu ya utimu lida hapa kol senta kwetu Dar, moyo bado unadunda. Mwanzo nilitaka kwenda na namba moja tu, kwamba kati ya simu 900 za mwezi uliopita nilifunga 792, yaani asilimia 88. Dada mmoja wa shifti yetu akaniambia mdogo wangu, kufunga tiketi siyo shida kuisha, angalia nani kapiga tena ndani ya siku 7 kwa ishu ileile. Nikakaa usiku nikachambua, waliorudi 90, kwa hiyo zilizoisha kweli ni 702, asilimia 78. Nikapeleka hiyo 78, na nikaonyesha wengi waliorudi walituma hela namba siyo, tukawaambia wasubiri bila kusema mpaka lini. Kisukuma changu sikukitaja tu hivihivi, niliwaonyesha simu 41 za wazee nilizohamishiwa na wenzangu. Halafu wale wapya 3 niliokaa nao wiki mbili tukisikiliza rekodi zao, nikaleta simu zao za kurudiwa kabla na baada. Hapo ndo waliniuliza maswali mengi zaidi. Majibu Ijumaa.