Dakika 15, taa ikiwaka

Jumapili, usiku.

Leo nimeinua mkono mara mbili, na mara zote mbili mke wangu ameacha kunigusa papo hapo bila kuuliza. Tumekaa kimya kidogo, kisha tukaendelea. Nayaandika haya yangali mabichi, kwa sababu kwa miaka mingi niliamini nimepungukiwa nguvu za kiume, na imani hiyo ilinizungusha sana kabla sijafika hapa.

Nilipokuwa mtoto, mtu mzima aliyeaminiwa nyumbani kwetu alinidhulumu kingono. Sitaeleza zaidi ya hapo, na nimejifunza kwamba si lazima.

Katika ndoa, tatizo lilikuja hivi. Hamu ninayo. Mke wangu nampenda. Tukianza, mwili unaitika vizuri, halafu ghafla unazima. Vidole vinapoa, sauti yake naisikia kama anaongea kutoka chumba cha pili, na macho yangu yanang'ang'ania kona moja ya dari. Nikirudi, uume umeshalala naye ananitazama akiwaza amekosea nini. Baadaye nikawa natafuta visingizio: nimechoka, kichwa kinauma, nina kazi ya kumalizia.

Nilianza kwa daktari, na bado naona ndipo pa kuanzia. Alinipima shinikizo la damu, sukari, na homoni ya kiume kwa damu iliyotolewa asubuhi, saa ambazo homoni hiyo huwa juu. Vyote vilikuwa sawa. Akaniuliza kama uume husimama ninapoamka. Nikamwambia ndiyo, karibu kila siku. Akaeleza kwamba hiyo ni dalili nzuri kuwa mishipa ya damu na neva zinafanya kazi, kwa hiyo tutazame pengine. Alinipa vidonge, baada ya kuhakikisha situmii dawa za moyo za jamii ya nitrati, maana zikichanganywa na hivyo shinikizo linaweza kushuka vibaya. Vidonge vilisaidia damu kufika. Mimi mwenyewe sikufika. Mara moja tulimaliza tendo lote na sikukumbuka karibu chochote, na asubuhi yake nilijisikia vibaya kuliko siku zote nilizoshindwa.

Mnasihi wa kwanza niliyemwendea alitaka kisa chote siku ileile, hatua kwa hatua. Nilimpa. Usiku nne zilizofuata sikulala, na ofisini kwake sikurudi tena. Sasa najua kwamba mtu akikufungua namna hiyo kabla hajakufundisha kujifunga, kosa ni lake.

Wa pili ni mwanasaikolojia, mama wa makamo. Kabla ya lolote aliniuliza nataka kukaa wapi, na mlango uwe wazi au ufungwe. Nikachagua kiti kilicho karibu na mlango. Akasema, "Kaka, hapa hutanisimulia kilichotokea mpaka wewe utake, na ukiinua mkono tunaacha, hata kama niko katikati ya sentensi." Nilidhani ni upole tu. Kumbe hapo tiba ilikuwa imeshaanza: niliyewahi kunyimwa nafasi ya kusema hapana nilikuwa napewa tena, kwa mambo madogo kwanza.

Wiki sita za mwanzo hatukugusa kisa. Alinifundisha kuutambua mzimo, yaani kule kuzima kwa ghafla, mapema, ukiwa bado vidoleni. Nikihisi ubaridi tu, nikanyage sakafu kwa nguvu, nitaje vitu vitano ninavyoviona, nivute pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Alinieleza sababu pia. Uume husimama mwili ukiwa umetulia, misuli ya mishipa ikalegea na damu ikaingia. Hofu hufanya kinyume: adrenalini hukaza mishipa hiyo na damu inakimbilia kwenye misuli ya kukimbia na kupigana. Mtu hawezi kuulazimisha mwili ulioko vitani ufanye kazi ya amani, na kadiri anavyojikaripia ndivyo adrenalini inavyozidi.

Lakini hofu ya nini, nikiwa na mke wangu? Hilo ndilo lililochukua muda, na naona wanaume wengi huzikwa nalo. Siku moja nilimwambia mwanasaikolojia jambo ambalo sikuwahi kumtamkia binadamu: kwamba wakati ule mwili wangu haukukaa kama jiwe. Kwa hiyo niliishi nikiamini kwamba sehemu fulani ya mimi ilikubali. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nimewahi kutekenywa kwa nguvu nikiwa sitaki. Nikasema ndiyo. "Ulicheka?" Nilicheka. "Ulikuwa unafurahi?"

Nililia mpaka muda wetu ukaisha.

Hapo nikaelewa kwa nini nazima pale mambo yanapokwenda vizuri. Mke wangu sikumwogopa hata siku moja. Kilichokuwa kikipiga kengele ni msisimko wenyewe. Akilini mwangu, msisimko na dhuluma vilifungwa kamba moja, hivyo kila mwili ulipoanza kuamka, kitu ndani yangu kiliona hatari inarudi na kuzima taa zote. Ndiyo maana vidonge havikutosha, na ndiyo maana kusimama kwa usingizini hakukuwa na shida, maana usingizini sikuwepo kuogopa.

Baada ya hapo ndipo tulipokigusa kisa, kipande kimoja kwa wakati. Ninasimulia dakika chache, tunasimama, narudi chumbani kwa macho na miguu, tunapima hofu imefika ngapi kwa 10, ndipo tunaendelea. Alinionya kwamba ndoto mbaya zinaweza kuongezeka kwa muda, na ziliongezeka. Zingenizuia kula au kwenda kazini tungepunguza mwendo. Hazikufika huko.

Mazoezi ya nyumbani yalikuja mwisho, mke wangu akiwa amekuja naye mara mbili kuelezwa. Dakika 15, taa ikiwaka, mavazi yakibaki mwilini kwa majuma ya kwanza. Tendo la ndoa limepigwa marufuku kabisa kipindi hiki, ili nisiwe na mtihani wa kufaulu. Anauliza kabla ya kugusa. Ananigusa akiwa mbele yangu, kwa sababu mkono ukitokea nyuma ya shingo mimi nimekwisha. Uume ukisimama, hatufanyi nao kitu. Tunauacha usimame na ulale wenyewe. Zoezi hilo la kuuacha tu ndilo gumu kuliko yote niliyopewa, na ndilo linaloikata ile kamba: mwili unajifunza kwamba msisimko unaweza kuja na kuondoka na hakuna baya lililofuata.

Kosa tulilofanya lilikuwa wiki ya tatu. Mambo yalikuwa mazuri, tukavunja marufuku, nikazima katikati na mke wangu akalia. Mama yule hakutulaumu. Aliturudisha kwenye mavazi na mikono, na tukaanza tena kutoka hapo.

Sijapona nikawa mtu mwingine. Shingo bado haiguswi kwa ghafla, na kuna siku mzimo unaniwahi. Tofauti ni kwamba sasa naukuta vidoleni kabla haujafika darini.

Leo mara ya kwanza niliinua mkono kwa ubaridi. Nikakanyaga sakafu, nikahesabu pumzi, ukapita. Mara ya pili niliinua mkono bila sababu yoyote, nione tu kama ataacha. Aliacha. Nikamwambia, "Mke wangu, hiyo ilikuwa majaribio." Akasema, "Jaribu tena ukitaka." Kisha akauliza kama anaweza kunishika mkono, nikasema ndiyo, na vidole vyangu vilikuwa na joto.