Nilivyogawa pango, umeme na mishahara ya uongozi kati ya miradi mitatu

Nilipokabidhiwa hesabu za shirika letu, tulikuwa na miradi mitatu chini ya paa moja, wa afya, wa maji na wa elimu, pamoja na shughuli ndogo zilizogharamiwa na fedha zetu wenyewe. Mhasibu mmoja mzoefu alinishauri nigawe gharama za pamoja kwa kufuata ukubwa wa bajeti, akisema kila mtu hufanya hivyo. Ushauri huo ulinigharimu hoja ya ukaguzi, na mpaka leo unaniudhi, kwa sababu ukubwa wa bajeti hauonyeshi nani ametumia nini. Mradi wa maji ulikuwa na bajeti kubwa kuliko yote kwa sababu ya mabomba na uchimbaji wa visima, lakini ofisini ulikuwa na watumishi wawili tu. Hata hivyo, kwa kigezo kile, ulibeba zaidi ya nusu ya pango. Mkaguzi aliuliza swali moja tu: mradi huu umenufaika vipi na nusu ya jengo? Sikuwa na jibu.

Basi nilichukua futi kamba nikapima vyumba. Ofisi nzima ilikuwa mita za mraba 200, ambapo vyumba vyenye mwenyewe vilikuwa 120 na zile 80 zilizobaki zilikuwa ukumbi wa mikutano, korido na chumba cha uhasibu. Afya ilitumia mita 54, maji 36 pamoja na stoo yake ya vifaa, elimu 24, na shughuli zetu wenyewe 6. Mara ya kwanza niligawanya kwa 200, nikaipa afya asilimia 27, na nilipojumlisha mafungu yote nikapata asilimia 60 tu: pango la zile mita 80 halikuwa na mlipaji. Eneo la pamoja halipaswi kuwemo kwenye kigawanyo. Ukigawanya kwa 120, afya inapata asilimia 45, maji 30, elimu 20 na sisi wenyewe 5, nalo eneo la pamoja linajigawa humo humo kwa uwiano uleule.

Umeme niliutenganisha na pango, na hapa ndipo ninapojivunia zaidi. Mradi wa afya ulikuwa na majokofu ya chanjo yaliyofanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo kugawa umeme kwa mita za mraba kungewaonea wengine. Tulifunga mita ndogo kwenye laini ya majokofu. Mwezi wa kwanza, kati ya uniti 1,000 za ofisi nzima, majokofu pekee yalikula 400. Hizo nilizipeleka afya moja kwa moja, na 600 zilizobaki nikazigawa kwa saa za kazi za watumishi wa miradi. Afya ilikuwa na asilimia 50 ya saa hizo, ikabeba uniti 300 zaidi, jumla 700. Kwa kigezo cha eneo ingebeba 450 tu.

Mishahara ya uongozi ilihitaji fomu za saa zinazojazwa kila siku na kusainiwa kila mwezi. Katika mwezi wa saa 160, mkurugenzi alikuwa na saa 40 za afya, 16 za maji na 24 za elimu zilizojulikana wazi. Saa 80 zilizobaki, za vikao vya bodi na usimamizi wa jumla, niligawa kwa saa za watumishi wa miradi: afya asilimia 50, maji 20, elimu 25, sisi 5. Hivyo afya ikabeba saa 80, maji 32, elimu 44 na sisi 4. Saa za mkurugenzi na za mhasibu zisiingizwe katika kukokotoa asilimia hizo, maana wao ndio wanaogawiwa. Tena, fomu inayoonyesha asilimia zilezile kila mwezi bila kuyumba ilinitia shaka hata kabla mkaguzi hajaiona. Mara nyingi ni bajeti iliyonakiliwa.

Kilichonisumbua mwisho ni mradi wa elimu ulipofungwa na chumba chake kubaki kitupu. Niliambiwa nikokotoe upya kwa mita 96 ili afya na maji wabebe pengo. Nilikataa, kwa kuwa hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akikitumia chumba kile. Kwa miezi miwili, ile asilimia 20 ilitoka kwenye fedha zetu, hivyo fungu letu likapanda kutoka 5 hadi 25. Mradi wa maji ulipoajiri watu wapya, mratibu wake alisaini kukichukua chumba, na kuanzia tarehe ya saini hiyo fungu la maji likawa mita 60 kati ya 120.