Uzoefu wangu wa kuhamishia mamia ya mikataba ya pango kwenye jedwali moja

Nilikabidhiwa mikataba ya pango ipatayo 400 ya kampuni inayomiliki maduka na ofisi Dar es Salaam, ili nitengeneze jedwali la Excel litakaloonyesha kila mpangaji anamaliza lini na mwisho wa kutoa notisi ni tarehe ipi. Kabla ya kujaza chochote, mimi na mwenzangu tulisoma mikataba michache iliyotofautiana sana, kisha tukaandika maana ya kila safu na namna ya kuijaza.

Kanuni iliyotusaidia zaidi ni kutoacha kisanduku kitupu. Mkataba usiposema lolote kuhusu jambo fulani, tuliandika HAIMO. Ukurasa ukiwa umepotea au umefifia, tuliandika HAISOMEKI, kwa sababu la kwanza ni jibu kamili na la pili ni kazi ya kutafuta nakala nyingine. Kando ya kila taarifa tuliweka namba ya kifungu na kiwango cha uhakika: A kwa kilichoandikwa waziwazi, B kwa tulichokikokotoa, na C kwa kinachohitaji uamuzi wa mwanasheria.

Tarehe ndizo zilizodai uangalifu mkubwa. Mkataba mmoja ulikuwa wa miaka 3 kuanzia 1 Machi 2021, bila kutaja siku ya mwisho. Tarehe ya kuanza ikiwa kwenye B2, tulipata 29 Februari 2024 kwa fomula hii:

```
=EDATE(B2,36)-1
```

Tuliipa B. Notisi ya miezi 3 kabla ya siku hiyo inaangukia 29 Novemba 2023, lakini ya siku 90 inaangukia 1 Desemba. Kwa hiyo muda wa notisi tuliunakili kama ulivyoandikwa, na kipimo chake kikawa na safu yake. Pale ambapo muda ulianza "siku ya kukabidhiwa chumba" na hati ya makabidhiano haikuwapo, tuliweka C, hata kama tarehe ya saini ilionekana kukaribiana nayo.

Kwa ukaguzi, tulichagua mikataba 60 kwa bahati nasibu, tukitumia `=RAND()` na kugandisha matokeo kabla ya kupanga orodha. Aliyekagua aliusoma mkataba na kujaza upya bila kuona majibu ya awali, kwani anayeyaona huelekea kuyakubali. Ninasisitiza kwamba hata sampuli hiyo isingekuwa na kosa lolote, tungeweza kudai tu, kwa uhakika wa 95%, kwamba mikataba yenye kosa haizidi takriban 5 katika kila 100.

Makosa yaliyopatikana yalijikusanya kwenye safu ya notisi, na karibu yote yalitokana na nyongeza za mkataba zilizobadilisha muda wa awali. Kusahihisha makosa ya sampuli pekee kungeliacha tatizo lenyewe likiendelea, hivyo tuliirudia safu hiyo kwa kila mkataba wenye nyongeza, tukaongeza safu ya "hati ya mwisho iliyosomwa", kisha tukachukua sampuli mpya kutoka kwenye mikataba ambayo haikuwa imekaguliwa.